Jumapili Inayokula Wiki Nzima: Namna ya Kupanga Siku ya Kujaza na Mlo wa Kujiachia Ukiwa Kwenye Dayati

Fundi mmoja wa magari anayefanya mazoezi kwenye jimu ninayosimamia alinijia na malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi mno. "Mwalimu," akasema, "Jumatatu mpaka Jumamosi mimi sili hovyo hata kidogo. Wiki ya tano hii, mizani imeganda kwenye 92." Nikamuuliza habari za Jumapili. Akacheka. "Jumapili si ndiyo siku yangu ya kujiachia? Wenyewe wanasema inaamsha mwili."

Nikamwomba aniandikie Jumapili iliyopita, kila kilichopita mdomoni, hata alichomalizia kwenye sahani ya mtoto. Karatasi aliyoleta ilikuwa hivi. Asubuhi supu ya mbuzi na chapati mbili, kama kalori 850. Mchana kwa mama mkwe, sahani mbili za pilau na soda mbili, kama 1,800. Alasiri chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili, 400. Usiku chipsi kuku na bia nne za mililita 500, zinakaribia 2,000. Jumla 5,050. (Kalori ninazotaja ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti, na kwa chakula cha kupikwa nyumbani ni makisio, mkono wa mpishi kwenye mafuta hauna kipimo.)

Mwili wa fundi huyu unahitaji kama 2,600 kwa siku ili uzito ubaki ulipo. Siku sita alikuwa anakula 2,050, yaani pengo la 550 kila siku, na kwa siku sita pengo la 3,300. Jumapili akazidisha 2,450. Kilichobaki kwa wiki nzima ni 850. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700, kwa hiyo wiki ya kujinyima ilimpunguzia takriban gramu 110. Maji ya glasi moja aliyokunywa kabla ya kupanda kwenye mizani yanatosha kuzificha. Hakuna homoni iliyokuwa imelala, na hakuna kitu cha kuamshwa. Ilikuwa hesabu tu.

Sina ugomvi na kula zaidi siku fulani katikati ya dayati. Kuna watu ninaowaambia wafanye hivyo, tena kwa lazima. Lakini kuna vitu viwili tofauti vinavyochanganywa, na tukivitenganisha mapema kazi inakuwa nyepesi.

Majina kwanza

Siku ya kujaza ni siku moja au mbili ambazo unapandisha chakula kwa makusudi hadi kiwango cha kusimama, yaani kile kiasi kinachouacha uzito ulipo. Nyongeza karibu yote inatoka kwenye wanga: wali, ugali, viazi, ndizi, mihogo, matunda. Mafuta yanabaki chini na protini haiguswi. Unapima kama siku nyingine yoyote.

Mlo wa kujiachia ni mlo mmoja usiopimwa, wa kitu unachokitamani: biriani ya shughuli, kitimoto, chipsi mayai, keki. Hauna kazi yoyote ya kitaalamu mwilini. Kazi yake ni ya kichwa na ya ujamaa: mtu aweze kukaa mezani na wenzake bila kuonekana mgonjwa.

Kilichomponza fundi hakikuwa kimojawapo kati ya hivyo viwili. Ilikuwa siku nzima ya kujiachia, na hiyo mimi siipangi kwa mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: jua kiwango chako cha kusimama kabla ya kuongeza chochote

Huwezi kupandisha chakula "hadi kiwango" usichokijua. Fomula za mtandaoni zinakupa pa kuanzia, lakini mizani na daftari vinakupa jibu lako mwenyewe, ukivipa wiki tatu au nne.

Andika unachokula kila siku. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya kula wala kunywa, kisha chukua wastani wa wiki. Wiki mbili za mwanzo usizihesabu, kwa sababu uzito unaotoka hapo ni maji mengi na mafuta kidogo. Kuanzia wiki ya tatu, chukua kilo ulizopoteza kwa wiki, zidisha kwa 7,700, gawa kwa 7, kisha jumlisha na kalori unazokula.

Mfano ni dada mmoja wa kilo 62 anayenyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Alikuwa anakula 1,550 na wastani wake unashuka kilo 0.45 kwa wiki. Mara 7,700, gawa kwa 7, inatoka 495. Jumlisha na 1,550, unapata 2,045. Tukaandika 2,050 na kuendelea na maisha.

Kama wastani wako haushuki kabisa kwa wiki tatu, basi hicho unachokula, pamoja na Jumapili zake, ndicho kiwango chako cha kusimama. Hapo hakuna pengo la kupumzika nalo, na siku ya kujaza bado haijakuhusu.

Hatua ya pili: uliza kama unahitaji kujaza, au unahitaji tu kula vizuri zaidi siku za kawaida

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uongo mwingi ulipo.

Hadithi inayosimuliwa kwenye majimu inaanza na kitu cha kweli. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman kule New York ilitangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta na kuujulisha ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Ukila kidogo, leptini inashuka, tena haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua. Njaa inapanda na mwili unaanza kubana matumizi. Na ni kweli wanga huigusa. Katika utafiti wa Lausanne, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2000, wanawake 10 wenye afya walizidishiwa chakula kwa asilimia 40 kwa siku tatu. Walipozidishiwa kwa wanga, leptini yao ilipanda kama asilimia 28 na matumizi ya nishati kama asilimia 7. Walipozidishiwa kwa mafuta, hakuna kilichobadilika.

Kutoka hapo watu wakaruka hadi "kula Jumapili kunaamsha mwili". Lakini zilikuwa siku tatu mfululizo, na wanawake wale walikuwa wembamba ambao hawakuwa kwenye dayati. Ukijaza siku moja kisha Jumatatu ukarudi kwenye pengo, leptini inarudi chini pamoja nawe. Na hata hiyo asilimia 7 ya matumizi, kwa mtu anayetumia 2,600, ni kama kalori 180. Fundi alizidisha 2,450. Huwezi kutumia mia moja na themanini kuhalalisha elfu mbili, mia nne na hamsini.

Faida ninayoiona kwa macho iko kwingine: kwenye misuli. Misuli na ini huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kwa mtu mzima akiba yote ni kama gramu 400 hadi 500. Mtu anayefanya mazoezi mazito akiwa kwenye pengo kwa wiki nyingi huishi akiba ikiwa nusu. Uzito aliokuwa anaunyanyua mara nane sasa anaishia mara tano, miguu inakuwa kama imejazwa mchanga, na mazoezi yakidhoofika mwili unakosa sababu ya kuitunza misuli. Siku ya kujaza inairudisha akiba hiyo. Mwaka 2020 kundi la Bill Campbell wa Chuo Kikuu cha South Florida lilichapisha jaribio la wiki saba kwa wanamazoezi 27: wengine walikuwa na pengo kila siku, wengine walibana zaidi siku tano na kujaza wanga siku mbili. Kwa mafuta walipungua sawa. Waliojaza hawakupoteza tishu nyingi zisizo mafuta kama wenzao, ingawa sehemu ya tofauti hiyo yaweza kuwa maji na glaikojeni tu. Jambo la kushika ni hilo la kwanza: kujaza hakukuwaongezea kasi ya kupunguza mafuta.

Basi nani anahitaji? Mimi natazama vitu vitatu kwa pamoja: ameshakaa kwenye pengo angalau wiki sita, mwili umeshakuwa mkavu kiasi (mwanaume mistari ya tumbo inaanza kuonekana, mwanamke kiuno kimeshachongeka), na anafanya mazoezi ya nguvu ambayo daftari linaonyesha yanashuka. Dada wa kilo 62 alikuwa wiki ya tisa na vyuma vyake vilikuwa vimeshuka wiki mbili mfululizo. Yeye alihitaji. Fundi wa kilo 92 mwenye kitambi na mazoezi mara mbili kwa wiki, mwili wake haukuhitaji kujazwa kitu. Alichohitaji ni mlo wa kijamii uliopangwa, na siku za kazi zisizombana sana.

Na wapo wasiopaswa kugusa haya bila daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe wanga wa siku nzima kwa kichwa chake. Dozi na chakula vinaenda pamoja. Mwenye jongo anajua nyama choma na bia zinamfanya nini kidole gumba cha mguu. Aliyekaa siku nyingi bila kula karibu chochote, awe alifunga kwa maji matupu au aliumwa, akirudi ghafla kwenye wanga mwingi anaweza kuporomokewa na fosfati na potasiamu kwenye damu, na hilo ni la hospitali. Aliyewahi kula kwa kupitiliza kisha akajitapisha, au anayekula kwa kujificha, mlo wa kujiachia kwake ni mlango ule ule kwa jina jipya.

Hatua ya tatu: panga siku ya kujaza kwa namba

Kwa dada yule tulifanya hivi. Siku za kawaida 1,550, siku ya kujaza 2,050. Tofauti ni kalori 500. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, kwa hiyo ni gramu 125 za wanga za kuongeza. Kwa wali uliopikwa bila mafuta mengi, hiyo ni kama gramu 450, sahani moja kubwa iliyojaa. Kwa ugali ni kama gramu 160 za unga mkavu kabla haujaingia kwenye sufuria. Unga upime mkavu, maana ugali wa mtu mmoja ni laini na wa mwingine unaweza kujengea nyumba.

Hatukuiweka nyongeza yote mlo mmoja. Alikula viazi vitamu asubuhi, wali mwingi mchana, ugali usiku, na ndizi mbivu katikati. Samaki na maharage vilibaki vile vile. Mafuta ya kupikia tuliyabana kuwa kijiko kimoja cha chakula kwa siku nzima, kwa sababu kijiko hicho kimoja tu kina kalori 120, na kalori ya mafuta inayoingia siku hiyo haijazi glaikojeni, inakwenda kukaa kiunoni. Chapati na maandazi watu huviita wanga, lakini robo au theluthi ya kalori zake ni mafuta. Wali wa nazi na pilau vivyo hivyo. Siku ya kujaza ni siku ya wanga mkavu.

Siku tukaiweka Ijumaa, kwa kuwa mazoezi yake mazito ya miguu ni Jumamosi asubuhi. Watu wengi huiweka siku ya mapumziko, kisha mazoezi mazito wanayafanya siku kadhaa baadaye, wakiwa wameshaanza kubana tena. Ijaze jioni ya kuamkia kazi, ndipo kazi itakuonyesha kama kujaza kulikuwa na maana.

Mara ngapi? Yeye siku moja kwa wiki. Akiwa mkavu zaidi huenda mbili, zikifuatana. Kumbuka siku ya kusimama haina pengo, hivyo kila siku unayoijaza unarefusha dayati. Alikuwa na siku saba za pengo la 500, sasa ana sita: 3,500 imekuwa 3,000. Hiyo ndiyo bei, na afadhali ulipe ukiijua.

Hatua ya nne: mlo wa kujiachia una mipaka, na mipaka inawekwa kabla ya njaa

Turudi kwa fundi. Jambo la kwanza tulilofanya ni kumpandisha siku za kazi kutoka 2,050 hadi 2,100, na kukigawa chakula upya ili apate mlo mmoja wa alasiri: maharage na kiazi. Yeye alidhani namtania. Lakini nilikuwa nimeona kwenye karatasi zake kwamba kila siku kati ya saa nane na saa mbili usiku hakuwa anakula kitu, na Jumapili yake ilikuwa inaanza kupikwa kichwani tangu Alhamisi. Mtu anayehesabu siku za kufika Jumapili, tatizo lake liko Jumanne.

Kisha Jumapili tukaipa kiwango cha kusimama, 2,600, na ndani yake tukaweka mlo mmoja tu wa kujiachia, pilau ya mama mkwe. Siku yenyewe ikawa hivi: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbili mbivu na chai bila sukari, kama 365. Mchana pilau sahani moja iliyojaa, nyama ya ziada, kachumbari na soda moja, 1,080. Alasiri viazi vitamu na glasi ya mtindi, 310. Usiku wali, samaki wa kuchoma na mchicha, 865. Jumla 2,620.

Asubuhi ile ina sababu. Watu hufunga tangu alfajiri ili "kuweka nafasi" ya pilau, wanafika mezani mikono inatetemeka, na sahani ya kwanza hata hawaionji. Kula mayai kwanza. Ukitaka kuweka akiba, punguza kalori 200 au 300 za siku hiyo, usiondoe milo.

Mipaka tuliyoandika ilikuwa mitatu. Sahani moja, inapakuliwa mara moja. Kula kwenye kikao, kwa sababu mlo unaisha unapoinuka. Kwa hiyo hakuna kubeba kwenye mfuko wa kuja kumalizia usiku. Na pombe haikai kwenye siku hiyo hiyo na mlo huo. Hilo la tatu alilipinga sana. Nikamweleza kwamba bia nne za mililita 500 peke yake ni kama kalori 840, kwamba mwili unachoma pombe kwanza na kuyaacha mafuta ya chipsi yakisubiri, na kwamba bia ya pili ndiyo inayoagiza chipsi. Bia hutia saini mahali pako. Tukakubaliana bia mbili, Ijumaa moja ndani ya wiki mbili, zikihesabiwa.

Hesabu mpya: pengo la 500 mara siku sita ni 3,000, na Jumapili sifuri. Gramu 390 za mafuta kwa wiki, badala ya 110, na Jumatatu hadi Jumamosi anakula zaidi ya zamani.

Hatua ya tano: asubuhi ya pili

Hapa ndipo wengi huvunjika. Unaamka, unapanda mizani, kilo moja na nusu juu. Moyo unakwenda chini.

Kila gramu ya glaikojeni inahifadhiwa na kama gramu 3 za maji. Zile gramu 125 za wanga za dada yule, zikiingia zote kwenye akiba, zinakuwa nusu kilo. Ongeza maji yanayovutwa na chumvi na uzito wa chakula kilicho bado tumboni, unafika kilo moja au zaidi bila hata tone la mafuta. Ili uongeze kilo moja ya mafuta ingebidi ule 7,700 juu ya kiwango chako cha kusimama. Ulikula ngapi? Daftari linajua.

Maji hayo hutoka ndani ya siku mbili hadi nne. Kwa hiyo usijipime asubuhi ile kama mizani inakutia wazimu, au jipime uandike tu. Linganisha asubuhi ya kabla ya kujaza ya wiki hii na asubuhi kama hiyo ya wiki iliyopita. Fundi alikuwa anajipima Jumatatu tu, siku ambayo amejaa maji, na Jumatatu hiyo hiyo kwa hasira anafunga kutwa. Jumanne usiku anaangukia kwenye chipsi.

Siku ya pili kula kama siku ya kawaida. Usifunge, usikimbie kilomita kumi za adhabu. Adhabu inaugeuza mlo kuwa kosa, na mtu akishahisi amekosa, huwa halilipi kosa, analiongeza. Mwaka 1975 wanasaikolojia Herman na Mack walilionyesha hili kwa ujanja mzuri. Waliwanywesha baadhi ya watu vinywaji vizito vya maziwa, kisha wakawawekea aiskrimu waionje watakavyo. Wasio na dayati, waliokunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo, kama unavyotarajia. Wanaojibana kula, waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko ambao hawakunywa kitu. Sisi tuna maneno ya hali hiyo: liwalo na liwe. Maji yameshamwagika, basi na ndoo ivunjwe.

Dawa yake ninayoitumia ni ndogo mno kiasi kwamba watu huidharau. Mlo uliopangwa hauwi kosa kwa sababu uliandikwa jana yake. Andika kwenye daftari usiku wa kuamkia: nitakula nini, wapi, saa ngapi, sahani ngapi. Ukizidisha, andika ulichozidisha kwa mkono ule ule, na mlo unaofuata uwe wa kawaida. Mlo unaofuata, si Jumatatu ijayo.

Hatua ya sita: dalili kwamba inakugeuka

Baada ya wiki nne angalia. Wastani wa wiki wa mizani umesimama, ilhali siku za kawaida ziko sawa? Siku ya kujaza inavuja; pima mafuta ya kupikia kabla ya kulaumu kitu kingine. Vyuma havijapanda siku moja au mbili baada ya kujaza? Basi hukuwa na upungufu wa wanga, rudisha siku hiyo kwenye pengo umalize dayati mapema. Mlo mmoja umekuwa jioni nzima, kisha mwisho wa wiki mzima? Funga mlango wa kujiachia, kula kiwango cha kusimama wiki moja au mbili kamili, kila kitu kikipimwa, kisha ndipo urudi kwenye pengo, dogo kuliko la kwanza.

Dalili ninayoiogopa zaidi haiko kwenye mizani. Ni pale mtu anapokula mpaka tumbo linauma, peke yake, haraka, na kuficha makaratasi. Hapo mimi mwalimu wa jimu sina kazi tena, na huwa ninasema hivyo hivyo waziwazi na kumwelekeza kwa daktari au mshauri wa afya ya akili.

Shughuli ikidondoka katikati ya wiki

Fundi alikaa kwenye mpango ule wiki kumi. Wastani wake ulitoka 92.1 hadi 88.4, chini kidogo ya hesabu, kama inavyokuwa kwa binadamu. Wiki ya saba alinipigia simu jioni: "Mwalimu, kuna harusi Alhamisi. Biriani. Na Jumapili ni ya mama. Nifanyeje?"

Kanuni ni kuhamisha, si kuongeza. Siku ya 2,600 ikahamia Alhamisi, na Jumapili ikawa siku ya 2,100 kama siku ya kazi. Kwa mama mkwe akapakua pilau nusu sahani, akajaza kachumbari na nyama isiyo na mafuta, akanywa maji. Alipoagana nao mama mkwe alimvuta mkewe pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama baba watoto ameshapima.